Kuacha Sigara Ni Sehemu ya Dozi: Mwongozo kwa Mvutaji Mwenye Vidonda vya Tumbo

Katika maduka ya dawa ya Kampala, kuanzia Kisenyi hadi Wandegeya, mwenye vidonda vya tumbo hahitaji maelezo mengi. Anasema ana alusa, anapewa vidonge vya omeprazoli vya wiki mbili, pengine na chupa ya dawa nyeupe ya maji ya kupoza tindikali, anaondoka. Tumbo linatulia. Miezi miwili baadaye anarudi dirishani palepale, safari hii akiomba dawa yenye nguvu zaidi, au akiwa amesadiki kwamba ugonjwa huu hauponi bali hutulizwa tu. Mwongozo huu unamlenga huyo anayerudi, iwapo ni mvutaji wa sigara. Ninachodai ni hiki: kabla ya kubadili dawa, kabla ya kuilaumu pilipili au mawazo mengi, acha tumbaku kwa muda wote wa matibabu, kwa sababu kuiacha ni sehemu ya dozi yenyewe. Anayemeza vidonge huku akivuta anakunywa nusu ya matibabu.

Tuanze kwa kukubali jambo ambalo mvutaji atalitaja kwanza, naye atakuwa na haki. Sigara siyo chanzo kikuu cha vidonda vya tumbo. Chanzo kikuu ni bakteria aitwaye Helikobakta pailori, aliyegunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren huko Perth, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobeli mwaka 2005. Chanzo cha pili ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo hapa mjini zinauzwa na kumezwa kama njugu. Lakini tazama hesabu moja ya Kampala yenyewe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010, uliofanywa kwa watoto wa mjini waliokuwa na afya njema, wa umri usiozidi miaka 12, uliwakuta zaidi ya 4 katika kila 10 wana bakteria huyo. Watoto hao hawakuwa wagonjwa, na wengi wao hawatapata vidonda maisha yao yote. Kwa hiyo kuwa na bakteria peke yake hakutoshi kumtoboa mtu tumbo. Swali la maana ni kwa nini, kati ya watu wengi wanaoishi naye, huyu anapata kidonda na yule hapati, na kwa nini cha huyu kinafunga na cha yule kinakaa wazi. Hapo ndipo sigara inapoingia.

Tumbo hutengeneza tindikali kali ya kutosha kumeng'enya nyama, na nyama ya tumbo lenyewe haimeng'enywi kwa sababu ina ulinzi wa tabaka kadhaa. Juu kuna ute mzito. Ndani ya ute huo kuna bikaboneti, chumvi inayoua makali ya tindikali kabla haijagusa ngozi ya ndani. Chini yake kuna mishipa midogo ya damu inayoleta oksijeni na lishe ili seli zilizochakaa zibadilishwe na mpya kila baada ya siku chache. Vyote hivyo husimamiwa na kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini, zilezile ambazo diklofenaki huzizuia. Moshi wa sigara hugusa karibu kila tabaka la ulinzi huu. Nikotini hupunguza bikaboneti inayomwagwa na kongosho kwenye mwanzo wa utumbo mwembamba, mahali ambapo vidonda vingi hukaa. Hubana mishipa midogo ya damu. Hupunguza prostaglandini kwenye ukuta wa tumbo. Gesi ya kaboni monoksidi iliyomo kwenye moshi hushika nafasi ya oksijeni kwenye damu, kwa hiyo hata damu inayofika kwenye kidonda hufika ikiwa na upungufu. Mate nayo, ambayo kwa kawaida hubeba protini ya kuhimiza ukuaji wa seli mpya, huwa dhaifu kwa mvutaji. Kidonda hufunga pale seli za pembeni zinapotambaa kuelekea katikati na mishipa mipya ya damu inapochipua chini yake, na kazi hiyo inahitaji damu, oksijeni na utulivu kutoka kwa tindikali. Mvutaji anavinyima vyote vitatu, kidogo kidogo, kila anapowasha.

Maelezo ya namna hii yanavutia, lakini maelezo ya jinsi kitu kinavyoweza kutokea si uthibitisho kwamba kinatokea. Uthibitisho unatoka kwa wagonjwa. Mwaka 1958 Richard Doll, daktari yuleyule Mwingereza aliyeonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, alichapisha pamoja na wenzake jaribio la wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliolazwa hospitalini. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walishauriwa waache kuvuta, wengine hawakushauriwa, na vidonda vikapimwa kwa picha za eksirei. Vya walioshauriwa kuacha vilipungua zaidi. Mgawanyo wa bahati nasibu ndio unaolipa jaribio hilo uzito, maana wapo wanaosema kwamba wavutaji hawaponi kwa sababu wanakunywa pombe zaidi au wanakula ovyo, wala si kwa sababu ya moshi. Kura ikipigwa, walevi na wala ovyo wanajikuta pande zote mbili.

Jaribio la pili ndilo ninalotamani kila mwenye duka la dawa alibandike ukutani. Lilichapishwa Marekani mwaka 1984 na lilihusu wagonjwa 370 ambao vidonda vyao vya mwanzo wa utumbo vilikwisha kupona. Baadhi walipewa simetidini, dawa ya kupunguza tindikali iliyokuwa bora wakati huo, na baadhi vidonge vya kufanana navyo visivyo na dawa ndani. Walifuatiliwa mwaka mzima. Kati ya wavutaji waliopewa vidonge vitupu, vidonda vilirudi kwa 72 katika kila 100. Kati ya wavutaji waliopewa dawa, vilirudi kwa 34. Sasa tazama wasiovuta waliopewa vidonge vitupu: vilirudi kwa 21 tu. Isome tena. Asiyevuta na asiye na dawa alikuwa salama kuliko mvutaji mwenye dawa. Anayeomba kidonge chenye nguvu zaidi huku pakiti iko mfukoni anakihitaji kidonge hicho kifanye kazi ambayo kuacha sigara kungeifanya vizuri zaidi, na bure.

Msomaji makini atapinga hapa, na pingamizi lake ni zito. Mwaka 1984 bado madaktari hawakuwa wakimtibu bakteria. Leo tuna omeprazoli, ambayo hukata tindikali kwa nguvu kuliko simetidini, na tuna antibayotiki. Ni kweli kwamba kwa omeprazoli pengo la kupona kati ya wavutaji na wasiovuta limepungua. Ni kweli pia kwamba bakteria akiondolewa kabisa, kidonda huwa hakirudi kwa urahisi hata kwa mtu anayevuta. Ingekuwa udanganyifu kuficha hilo. Lakini sharti lote linakaa kwenye maneno "akiondolewa kabisa", na mvutaji ndiye ambaye kwake bakteria haondoki kirahisi. Mwaka 2006 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 22 zenye wagonjwa zaidi ya 5,500, na ukaonyesha kwamba uwezekano wa matibabu ya kumwondoa bakteria kushindwa ulikuwa karibu mara mbili kwa wavutaji. Katika mji ambao antibayotiki hununuliwa bila cheti cha daktari, na bakteria wenye usugu wameshapatikana, mtu hana anasa ya kupoteza raundi ya kwanza, kwa sababu ya pili huwa ngumu na ghali zaidi. Tena wapo wenye vidonda visivyotokana na bakteria, wa diklofenaki kwa mfano, na kwao hakuna antibayotiki ya kuwaokoa. Wanategemea ukuta wa tumbo ujijenge wenyewe.

Kiungulia kinahitaji maneno yake, kwa kuwa wengi hukichanganya na vidonda. Hicho ni moto unaopanda kifuani, pengine na maji machungu yanayofika kooni, hasa ukilala au ukiinama. Kati ya umio na tumbo kuna msuli wa duara unaofunga njia. Mtu akivuta, msuli huo hulegea, kisha hurudi katika hali yake dakika chache baada ya kuizima sigara. Kikohozi cha mvutaji nacho husukuma tindikali juu wakati mlango umelegea, na mate machache huchelewa kuisafisha ikishapanda. Kila sigara, basi, ni tukio linalojitegemea: mtu wa sigara kumi kwa siku anaulegeza mlango mara kumi. Je, kuacha kunasaidia? Ufuatiliaji mkubwa wa wakazi wa Norwe, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta kwamba walioacha walipata nafuu ya dalili kali mara nyingi zaidi kuliko walioendelea, lakini nafuu hiyo ilionekana kwa watu wenye uzito wa kawaida waliokuwa pia wakitumia dawa za tindikali mara kwa mara. Kwa mwenye kitambi, kuacha sigara peke yake huenda kusimwondolee kiungulia, kwa sababu tumbo lake linasukumwa kutoka chini. Aache kwa sababu nyingine, na kitambi akishughulikie pia.

Sasa tuje kwenye utendaji. Jambo la kwanza ni kujua unatibu nini. Vipimo vinavyofaa ni cha choo, kinachotafuta vipande vya bakteria aliye hai tumboni, na endoskopi, yaani kamera inayopitishwa mdomoni, ambayo inapatikana Mulago na katika hospitali kadhaa binafsi za mjini. Kipimo cha damu cha haraka, kile cha tone la kidole kinachopendwa na kliniki ndogo, kinatafuta kinga ambazo mwili ulizitengeneza zamani, nazo hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya bakteria kuondoka. Wengi wamerudia antibayotiki mara tatu, nne, kwa kufuata kipimo hicho, wakimkimbiza bakteria ambaye pengine aliondoka raundi ya kwanza. Jambo lingine la kukumbuka ni kwamba kipimo cha choo hudanganywa na dawa: acha omeprazoli kwa wiki mbili kabla ya kupima, na antibayotiki kwa wiki nne.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwendesha boda wa miaka 35, kijiwe chake kiko karibu na Old Taxi Park. Anavuta sigara kumi, anazinunua moja moja. Ya kwanza ni saa kumi na mbili asubuhi kabla hajala kitu. Mlo wake wa kwanza ni katogo saa tano. Mgongo ukiuma anameza diklofenaki. Jioni anapita kwenye kafunda, anapiga waragi na sigara tatu, na ya mwisho anavuta mlangoni kwake kabla ya kulala. Kipimo cha choo kimesema bakteria yupo, na kamera imeonyesha kidonda tumboni. Daktari anampa matibabu ya siku 14: omeprazoli miligramu 20 mara mbili kwa siku, amoksilini gramu 1 mara mbili, klarithromaisini miligramu 500 mara mbili, kisha omeprazoli mara moja kwa siku hadi itimie wiki ya nane. Mtu huyu anafanyaje?

Achague tarehe ya kuacha iwe siku tatu au nne kabla ya kidonge cha kwanza, wala isiwe siku ileile. Sababu ni ya kiutendaji: hamu ya nikotini, hasira na usingizi mbovu huwa vikali zaidi katika siku mbili tatu za mwanzo, kisha hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Akianza vyote siku moja, kichefuchefu cha antibayotiki na kiu ya sigara vitamjia pamoja, na ataacha mojawapo, mara nyingi vidonge. Diklofenaki iondoke, mgongo utulizwe kwa parasetamoli. Omeprazoli imezwe nusu saa kabla ya kula, na kwa kuwa mlo wake wa kwanza ni saa tano, ama alisogeze katogo mbele ama akisogeze kidonge nyuma, maana kidonge kilichomezwa alfajiri bila chakula kufuata hupoteza nguvu yake. Kafunda aiache kwa wiki mbili za antibayotiki, kwa sababu pombe huchokoza kidonda na waragi ndiyo inayompa mkono ruhusa ya kuomba sigara.

Wiki ya tatu ndiyo ya hatari. Maumivu yamekwisha, na mtu asiye na maumivu hujiona amepona, ilhali kidonda kinaweza kuwa bado wazi. Maumivu huisha siku nyingi kabla ngozi haijafunga. Anayewasha sigara hapa kwa kusherehekea nafuu anawasha wakati ule ule ambao mishipa mipya ya damu inachipua. Mtego wa pili uko wiki ya tisa, baada ya kuacha omeprazoli. Tumbo lililozoea kuzuiwa hutoa tindikali kwa wingi kwa muda, na kiungulia hurudi kwa siku kadhaa hata kwa mtu aliyepona. Wengi hudhani kidonda kimerudi, wakakata tamaa, wakarudia vyote: omeprazoli na sigara. Dawa ya maji ya kupoza tindikali inatosha kuvuka siku hizo. Mwisho wa wiki ya kumi apime choo tena. Na kwa sababu kidonda chake kilikuwa tumboni, si kwenye utumbo, arudi kwenye kamera, kwa kuwa baadhi ya vidonda vya tumbo visivyofunga huwa saratani iliyojificha.

"Lakini sigara inanipunguzia maumivu." Hisia hiyo si ya uongo. Nikotini hutuliza kwa muda na huua njaa, na maumivu ya vidonda yenyewe huja na kuondoka, kwa hiyo sigara iliyovutwa yalipokuwa yakiondoka hupewa sifa isiyo yake. "Basi nitapunguza ziwe tatu." Kupunguza ni bora kuliko kutofanya lolote, mradi uchague vizuri zipi za kuondoa: ya asubuhi kabla ya kula, na ya mwisho kabla ya kulala. Nasema hivi kwa kufuata jinsi mwili unavyofanya kazi, si kwa jaribio lililolinganisha saa za kuvuta. Ila mtu wa tatu kwa siku bado ana nikotini kwenye damu, na tatu hurudi kuwa kumi jioni moja ya mechi. "Nitahamia shisha." Shisha ina nikotini na kaboni monoksidi ileile, kwa kikao cha saa nzima, na Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015 imeipiga marufuku Uganda. Ugoro nao unaleta nikotini bila moshi. Unaepusha kaboni monoksidi, lakini hautoi nafuu kwa kongosho.

Kwa Waislamu wa Kibuli, Kisenyi na kwingineko kuna hoja ambayo mvutaji mwenyewe anaithibitisha kila mwaka. Kampala iko karibu kabisa na Ikweta, kwa hiyo saumu hapa ni ya saa kama 13 na nusu kila Ramadhani, iangukie mwezi wowote. Anayefunga bila sigara kwa muda huo siku 29 au 30 hawezi kudai kwamba hawezi kukaa bila sigara. Kinachomshinda ni usiku. Na kosa baya kwa tumbo lake ni kufuturu kwa tende moja na sigara, juu ya tumbo tupu, kabla ya chakula. Mwenye kidonda kilicho wazi amwone daktari kuhusu kufunga kwenyewe. Ambaye kidonda chake kimetulia anaweza kuutumia mwezi huo kama tarehe yake ya kuacha, kwa sharti kwamba atapanga saa mbili za baada ya futari zijae: tarawehe, kutembea, watu wasiovuta.

Ukishindwa kwa nia peke yake, usione aibu kutafuta msaada. Vibandiko na bazoka za nikotini vimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, ingawa Kampala si rahisi kuvipata na ni ghali. Kwa mwenye kidonda, kibandiko ni afadhali kuliko bazoka, ambayo nikotini yake humezwa pamoja na mate na kuchokoza tumbo. Nikotini ya kibandiko si rafiki wa kidonda, lakini haina moshi, na inapunguzwa wiki hadi wiki hadi iishe. Hospitali ya Butabika ina wataalamu wa uraibu, na si lazima uwe mgonjwa wa akili kuwaona.

Kuna hali ambazo mwongozo huu hauzihusu, na zikikupata usisubiri asubuhi. Ukitapika damu au kitu cheusi kama machicha ya kahawa, ukipata choo cheusi kama lami chenye harufu kali (vidonge vya madini ya chuma hufanya choo kiwe cheusi pia, lakini si cha lami), au maumivu makali ya ghafla yakiambatana na tumbo gumu kama ubao, nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji usiku huohuo. Hali hiyo ya mwisho ni dalili ya kidonda kilichotoboka. Wachunguzi wa Norwe, katika utafiti wa mwaka 1997, walikuta kwamba kwa watu walio chini ya miaka 75 mvutaji ana hatari ya kutobokwa karibu mara kumi ya asiyevuta. Kwa waliowahi kuvuta wakaacha, hawakuona hatari iliyozidi.